Kioo cha Laptopu Kimepasuka? Usiiuze kwa Bei ya Kutupa

Jumapili ya leo tuzungumzie jambo linalozitia hasara familia nyingi za upande wetu huu wa bara, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe. Ni laptopu, au kipakatalishi kama wanavyopenda kuiita walimu wa Kiswahili, ambayo kioo chake kimepasuka lakini vitu vingine vyote vingali vizima.

Sababu za kupasuka huko unazijua. Mkoba umebanwa katika msongamano wa feri. Abiria wa matatu ya Magongo ameukalia bila kujua. Mtoto ameacha kalamu juu ya kibodi, kisha dada yake akaja kukifunga kifuniko kwa nguvu. Kinachofuata ni doa jeusi mithili ya wino uliomwagika, mistari ya rangi rangi, na kilio. Baada ya siku mbili hutokea mtu wa mtaani anayesema, "Hii imekufa, nikupe kitu kidogo nikuondolee." Wengi huuza. Mnunuzi huyo huenda kuichomeka kwenye runinga yake jioni ile ile, na kumbe mashine haina ugonjwa wowote mwingine.

Wahenga walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kioo ni sehemu moja tu ya laptopu. Kazi yote ya kufikiri, kuhifadhi na kuhesabu hufanyika chini, pale penye kibodi. Kioo kinapokea tu picha kupitia waya mwembamba unaopita kwenye bawaba. Picha hiyo hiyo inaweza kutolewa nje kupitia tundu lililo ubavuni mwa mashine na kupelekwa kwenye runinga au monita. Hapo ndipo penye ukombozi wetu.

Hebu tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Tuseme kuna familia inayoishi Mtongwe, Likoni. Binti yao anasoma Tudor, katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na kila siku huvuka feri. Laptopu yake ni HP EliteBook 840 G3, mojawapo ya zile zilizotumika ng'ambo kabla ya kuuzwa huku kwetu, na ambazo wanafunzi wengi wanazo. Kioo kimepasuka siku ya Jumatano. Ripoti ya mradi wake, ambayo iko ndani ya mashine na haina nakala kwingine, yatakiwa Jumatatu. Sebuleni pana runinga bapa ya inchi 32 iliyounganishwa na king'amuzi. Pesa za kioo kipya hazipo hadi mwisho wa mwezi. Afanyeje?

Kwanza, hakikisha mgonjwa ni kioo

Kabla ya kutumia hata shilingi, binti huyu aiwashe laptopu na kuitazama kama daktari. Je, taa ya kitufe cha kuwasha inawaka? Je, feni inavuma, au sauti ya Windows inasikika? Akibonyeza kitufe cha Caps Lock, je, taa yake ndogo inawaka na kuzima kila anapobonyeza? Kama taa hiyo inamtii, basi mashine iko macho na inasikiliza. Kama haitii hata baada ya dakika tatu, huenda kuna tatizo kubwa zaidi kuliko kioo, na mashauri ya leo hayatamfaa.

Dalili nyingine itaonekana baadaye, picha itakapofika kwenye runinga. Ikiwa runinga yaonyesha picha safi, basi kilichoharibika ni kioo peke yake au waya wake. Lakini ikiwa mistari ile ile ya kwenye laptopu yaonekana pia kwenye runinga, ugonjwa uko kwenye bodi kuu, na hata kununua kioo kipya kungekuwa kutupa pesa baharini. Kwa hiyo hata yule aliyekwisha kuamua kubadilisha kioo anastahili kufanya jaribio hili kwanza.

Pili, tazama matundu kabla ya kwenda dukani

Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa. Mtu hukimbilia dukani, akasema, "Nipe waya wa HDMI," akarudi nyumbani na kukuta laptopu yake haina tundu la HDMI. EliteBook 840 G3 ni mojawapo ya mashine hizo. Ina tundu la VGA na tundu la DisplayPort, lakini HDMI haina.

Usibabaishwe na majina haya, kwani umbo la tundu latosha kukuelekeza. VGA ni tundu pana lenye vijishimo 15 vilivyopangwa katika safu tatu, na pembeni lina mahali pawili pa kukazia skrubu. HDMI ni tundu dogo bapa ambalo pembe zake mbili za chini zimepinda kwenda ndani. DisplayPort linafanana nalo sana, ila pembe moja tu ndiyo iliyokatwa. Baadhi ya laptopu, kwa mfano ThinkPad T440 na T450 za Lenovo, zina VGA pamoja na DisplayPort ile ndogo iitwayo Mini DisplayPort, ambayo inataka waya wake wenyewe. Na lile tundu dogo la mviringo la USB-C hupitisha picha katika baadhi ya mashine tu. Kwingine ni la kuchaji na kuhamisha faili, basi. Usilinunulie waya kabla ya kuthibitisha.

Binti wetu basi anahitaji waya wenye kichwa cha DisplayPort upande mmoja na kichwa cha HDMI upande wa pili. Waya wa namna hii hupitisha picha upande mmoja tu, kutoka DisplayPort kwenda HDMI. Ukiugeuza haufanyi kazi, hata vichwa viwe vimeingia sawasawa. Basi mwambie mwenye duka waziwazi: laptopu ni DisplayPort, runinga ni HDMI. Bora zaidi, piga picha ya matundu yote mawili kwa simu, uende nayo. Kwa laptopu yenye HDMI, waya wa kawaida wa mita moja na nusu hugharimu shilingi mia chache tu, na pengine mmoja tayari uko nyuma ya king'amuzi chenu.

Kwa wale wenye runinga za zamani zenye mgongo mrefu, zile zenye matundu ya manjano, nyeupe na nyekundu tu, neno langu ni moja: msihangaike. Viko vibadilishi vya kuunganisha, lakini maandishi hutoka yamefifia kiasi kwamba ukurasa wa ripoti hausomeki. Zinafaa kwa sinema, kwa kusoma hazifai.

Tatu, kuongoza mashine gizani

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Binti azime laptopu kabisa kwa kubonyeza na kushikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi. Awashe runinga. Achomeke waya pande zote mbili. Kisha achukue rimoti, abonyeze kitufe cha Source au Input, na achague tundu alilochomeka, tuseme HDMI 2. Ikiwa HDMI 1 ni ya king'amuzi na yeye amechomeka ya pili, runinga itaendelea kuonyesha king'amuzi hadi aiambie vinginevyo. Wengi huliita hilo "waya mbovu," ilhali waya ni mzima.

Ndipo awashe laptopu na kusubiri dakika mbili. Mara nyingi picha hujitokeza yenyewe kwenye runinga. Isipojitokeza, haimaanishi mambo yameharibika. Yawezekana Windows imekaa kwenye ukurasa wa kuingilia, ikingoja neno la siri, na ukurasa huo uko kwenye kioo kilichokufa. Basi abonyeze Enter mara moja, angoje kidogo, aandike neno lake la siri bila kuona, abonyeze Enter tena, na angoje nusu dakika.

Bado runinga ni nyeusi? Ashikilie kitufe chenye alama ya Windows na kubonyeza P mara moja, kisha aachilie. Kioo kilichokufa kitakuwa kimefungua orodha ya mambo manne, kwa mpangilio huu:

```
PC screen only
Duplicate
Extend
Second screen only
```

Haoni orodha hiyo, lakini anajua ipo. Ahesabu hadi tatu, abonyeze mshale wa chini mara moja, kisha Enter, na angoje sekunde kumi. Kama hakuna kitu, arudie vivyo hivyo: Windows na P, mshale wa chini, Enter. Kila mara anasogea hatua nyingine katika orodha, na katika mara tatu au nne picha huwa imekwisha kutokea, mradi waya ni mzima na runinga imewekwa kwenye tundu sahihi.

Siku hiyo ya kwanza aweza kukuta runinga inaonyesha picha ya mandhari tu, pasipo alama za kubofya. Asidhani mashine imekwama. Hiyo ni Extend: runinga imekuwa chumba cha pili, na kila programu anayoifungua inakwenda kujificha chumba cha kwanza, yaani kwenye kioo kilichopasuka. Kipanya nacho hupotelea huko huko. Dawa yake ni kurudia Windows na P hadi afike Second screen only. Hili ndilo chaguo tunalolitaka likae siku zote, kwa sababu linakizima kabisa kile kioo kibovu na kuifanya runinga kuwa kioo cha pekee. Duplicate nayo huonyesha kila kitu, lakini mara nyingi huilazimisha runinga kufuata ukubwa wa picha wa kioo cha laptopu, na maandishi yakawa na ukungu.

Windows huikumbuka runinga hiyo. Kesho akichomeka waya ule ule, mara nyingi itarudi yenyewe kwenye Second screen only. Akiuchomoa, picha hurejea kwenye kioo kilichopasuka.

Na jambo la kwanza la kufanya pindi picha inapotokea si kuendelea na ripoti. Ni kuchomeka flashi na kunakili ripoti hiyo pamoja na faili zote muhimu. Mashine iliyoanguka au kubanwa hadi kioo kikapasuka yaweza kuwa na jeraha jingine ambalo bado halijajitokeza. Nakili kwanza, mengine baadaye.

Nne, kuifanya runinga isomeke

Runinga imetengenezwa kwa ajili ya watu walioketi kwenye kochi, hivyo inahitaji kuzoeshwa kazi ya dawati. Tatizo la kawaida ni picha kukatwa kingo. Binti anaona ukurasa, lakini mstari wa chini wenye kitufe cha Start na saa umezama nje ya fremu. Runinga nyingi hukuza picha kidogo na kukata pembeni, desturi iliyobaki kutoka enzi za matangazo ya zamani. Kwenye rimoti, aingie mahali pa kubadilisha ukubwa wa picha na kutafuta maneno kama Just Scan, Screen Fit au 1:1. Kingo zitarudi mahali pake. Runinga nyingine hukubali tundu la HDMI kupewa jina la PC, na hapo hurekebisha mambo yenyewe.

Halafu afungue Settings, aingie System, kisha Display, na kwenye Display resolution achague ile iliyoandikwa Recommended. Asichague namba kubwa kwa tamaa. Runinga nyingi ndogo za inchi 32 zina nukta 1366 kwa 768 tu, na ukizilazimisha kupokea nukta 1920 kwa 1080 zinaipokea picha hiyo na kuibana, herufi zikawa kama zimelowa maji. Apunguze pia Sharpness ya runinga, kwani ikiwa juu huchora kivuli cheupe kuzunguka kila herufi. Kama anaketi mbali, aongeze Scale hadi asilimia 125 au 150 badala ya kukodoa macho.

Sauti nayo huhamia kwenye runinga pamoja na picha. Asipoitaka huko, abofye alama ya spika na kuchagua spika za laptopu. Anayetumia VGA ajue kuwa waya huo haupitishi sauti kamwe, hivyo sauti itabaki kwenye laptopu.

Kifuniko wazi au kimefungwa?

Njia rahisi kuliko zote ni kuiacha laptopu wazi mbele yako, uandike kwa kibodi yake yenyewe, na macho yako yatazame runinga iliyo nyuma yake. Haihitaji kununua chochote zaidi. Lakini wako wanaotaka kuifunga kabisa, hasa kama vipande vya kioo vimelegea na kuna watoto wadogo nyumbani. Hao watahitaji kibodi na kipanya vya USB, na itawabidi waiambie Windows isilale kifuniko kinapofungwa.

Bonyeza kitufe cha Windows, andika neno "lid", na ufungue Change what closing the lid does. Utaona safu mbili. Chini ya Plugged in weka Do nothing. Chini ya On battery acha Sleep kama ilivyo. Usiweke Do nothing pande zote mbili. Siku moja utaifunga, uitie mkobani ikiwa bado inafanya kazi, uvuke nayo feri, na ufike ng'ambo ikiwa moto kama pasi.

Ukurasa huo huo una mstari mwingine wa maana sana kwetu, unaoitwa When I press the power button. Uweke Hibernate. Sababu yake ni stima. Laptopu yenye kioo kizima haijali stima ikipotea, kwa sababu betri yake huwasha mashine pamoja na kioo. Lakini runinga haina betri. Stima ikipotea Kisauni saa mbili usiku, runinga yazimika papo hapo, huku laptopu ikiendelea kufanya kazi gizani hadi betri iishe, na kazi ambayo haikuhifadhiwa huenda nayo. Kwa mpango huu, pindi giza linapoingia unabonyeza Ctrl na S kuhifadhi kazi, kisha unabonyeza kitufe cha kuwasha mara moja tu, bila kukishikilia. Mashine huandika kila kitu kwenye diski na kuzimika yenyewe. Stima ikirudi, unabonyeza tena na kukuta ukurasa wako palepale ulipouacha. Ikiwa neno Hibernate halimo katika orodha hiyo, fungua Command Prompt kwa Run as administrator, uandike:

```
powercfg /hibernate on
```

Kisha funga ukurasa ule na uufungue upya, nalo litakuwepo.

Mashine iliyofungwa hupumua kwa shida zaidi kuliko iliyo wazi, kwani baadhi ya joto hutokea juu kupitia kibodi. Na joto letu la Februari na Machi halihitaji kuongezewa. Iweke juu ya meza ngumu, iinue kwa vipande viwili vya mbao vyenye unene wa sentimita mbili, na usiiweke kamwe juu ya kitanda, mto au kitambaa cha meza. Feni ikivuma bila kupumzika na mashine ikawa nzito, fungua kifuniko.

Mkasi na bisibisi viweke mbali

Kuna mtindo ambao baadhi ya vijana wanaupenda: kukiondoa kifuniko chote na kubaki na kibodi peke yake. Mashine huonekana nadhifu, lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katika laptopu nyingi, antena za waifai zimefichwa ndani ya kifuniko, kandokando ya kioo, na waya zake hushuka kupitia bawaba. Kamera nayo iko huko huko, na mara nyingi maikrofoni pia. Ukikiondoa kifuniko, waifai hudhoofika hadi kushika ukiwa karibu kabisa na kifaa chake, na madarasa ya Zoom yanakuwa bila sura. Kiache mahali pake.

Kama doa jeusi linazidi kuenea, usiogope. Ni umajimaji wa kioo unaotambaa ndani ya tabaka zake, na hauwezi kuingia kwenye bodi kuu kwa njia hiyo. Bandika utepe mpana unaong'aa juu ya nyufa ili vipande visidondoke kwenye vitufe. Usitie kadibodi baina ya kioo na kibodi, kwani kifuniko kitabana na kuzidisha ufa hadi bawaba.

Mara chache kioo kilichopasuka huleta hitilafu ya umeme ndani, na mashine ikakataa kuwaka kabisa au ikawaka na kuzimika. Hapo waya wa kioo hubidi uchomolewe, na hiyo ni kazi ya fundi. Hata yeye mwulize swali moja kabla hajagusa kitu: je, ataitenganisha betri kwanza? Waya huo hubeba umeme wa taa za kioo, na ukichomolewa wakati betri imeunganishwa waweza kuunguza fyuzi ndogo sana iliyo kwenye bodi. Baada ya hapo hata kioo kipya kitakuwa na giza. Katika EliteBook 840 G3 betri imefungiwa ndani, hivyo kuchomoa chaja peke yake hakutoshi. Fundi anayejua kazi yake hatakasirishwa na swali hilo.

Nani atatazama habari?

Turudi Mtongwe. Alhamisi jioni binti ameketi mbele ya runinga ya nyumbani, ripoti imefunguka, na nakala iko kwenye flashi. Ndipo baba anaporudi kutoka kazini. Ni saa moja, wakati wa habari.

Hili ni jambo la familia zaidi kuliko la kompyuta, nalo ndilo huufanya mpango huu ushindwe katika nyumba nyingi. Runinga ni ya watu wote. Ushauri wangu ni kuandika ratiba kabla ya ugomvi. Kwa mfano, binti achukue alfajiri na saa zile za mchana ambapo watoto wako shuleni, na usiku baada ya taarifa ya habari. Mzazi naye aahidi kwamba wiki ya mtihani au ya kuwasilisha ripoti, runinga ni ya masomo kwanza. Kuhama kutoka king'amuzi hadi laptopu ni kubonyeza Source tu, bila kuchomoa waya. Kuchomoa na kuchomeka kila siku huchosha matundu. Na kama kichwa cha DisplayPort kina kijiklipu, kibonyeze kwanza ndipo uvute, la sivyo utang'oa tundu zima.

Kama hali hii itaendelea zaidi ya mwezi mmoja, tafuta monita ya ofisi iliyotumika, ya inchi 19 hadi 22. Hapo ndipo lile tundu la VGA linapokuwa na thamani. Monita nyingi za zamani zina VGA, na wanunuzi wengi siku hizi hawazitaki kwa sababu hiyo hiyo, ilhali EliteBook yetu inaingiliana nazo bila adapta yoyote. Maandishi huwa makali kuliko kwenye runinga ya ukubwa wa kawaida, na stima inayotumika ni ndogo. Dukani, iombe iwashwe mbele yako ikiwa imeunganishwa na kompyuta, na uonyeshwe ukurasa mweupe mtupu. Madoa, mistari na pembe zenye giza huonekana hapo. Usikubali monita iliyowashwa tu ikaandika No Signal. Hiyo inathibitisha kwamba taa inawaka na si zaidi.

Mpango huu una mipaka yake. Laptopu hiyo sasa ni kompyuta ya mezani. Haiendi darasani Tudor wala kwa rafiki wa Mlaleo kufanya kazi ya kikundi, isipokuwa huko kuna kioo cha kuazima. Pia ukitaka kuingia kwenye mipangilio ya mwanzo kabla Windows haijafunguka, mashine nyingi huionyesha kwenye kioo cha ndani tu. Mara nyingine kuiwasha na kukifunga kifuniko mara moja, kabla Windows haijaanza, huilazimisha kutoa picha nje, lakini si kila mashine hukubali.

Kwa hiyo uamuzi wa kununua kioo kipya utokane na swali moja: je, ni lazima mashine hii itembee? Kama ni lazima, sasa unajua angalau kwamba bodi ni nzima na pesa yako haitapotea. Umwombe fundi akitoe kioo cha zamani mbele yako na kusoma namba iliyoandikwa mgongoni mwake, ili kipya kilingane nacho kwa ukubwa, kwa nukta na kwa pini za waya. Kama si lazima, endelea kutumia runinga au monita, na pesa hizo zifanye kazi nyingine.

Binti wa Mtongwe, kwa hesabu zetu, Jumatatu atavuka feri na flashi yake mfukoni, ripoti akiichapishia chuoni. Laptopu itabaki nyumbani juu ya vipande vyake viwili vya mbao. Na wewe uliye na mashine iliyopasuka chini ya kitanda, itoe leo mchana, uipanguse vumbi, na utazame ubavuni mwake ina tundu gani. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.